Aliyejisajili Saa Nane na Dakika Hamsini na Moja

Bi Rejista hakupewa jina hilo bure. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza rejista wa chama cha wakunga, na katika miaka yote hiyo hakuna mkunga aliyepata pointi asizostahili, wala aliyestahili akanyimwa. Wenzake walimtania kwamba hata akialikwa harusini huanza kwa kuhesabu viti. Yeye alikuwa akicheka, halafu kweli anahesabu.

Ijumaa hiyo aliingia ofisini saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla ya Mratibu wa mafunzo, akafungua dirisha, akafuta vumbi kwenye kompyuta kwa kiganja na kuisubiri iamke. Ofisi yenyewe chumba kimoja, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Meza mbili, printa moja yenye kisirani, na kabati la chuma lililojaa fomu za mahudhurio za zamani. Mratibu alikuwa amesema mara tatu zichomwe. Mara tatu Bi Rejista alikuwa amejibu, "Wiki ijayo."

Siku hiyo haikuwa na mchezo. Jumatano walikuwa wameendesha semina ya mtandaoni, ya mwisho katika mzunguko wa miaka miwili, juu ya kumtibu mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Ilianza saa nane mchana hadi saa kumi jioni, na ilikuwa na pointi mbili. Mkunga asiyetimiza pointi ishirini leseni yake inalala, na kuiamsha ni mtihani upya. Orodha ya waliopata pointi ilitakiwa ifike kwenye baraza la leseni leo leo, kabla ya saa kumi jioni. Saa kumi na dakika moja, mlango umefungwa.

Mratibu alikuwa ameshaandaa orodha jana na kumtumia kwa barua pepe. "Wamepita 171," aliandika. "Kagua, nitie sahihi, tutume." Bi Rejista aliifungua, na jambo la kwanza alilofanya, tusidanganyane, ni kumtafuta mama mdogo.

Mama mdogo hakuwa mdogo wa mama yake wa kuzaliwa. Alikuwa rafiki wa mama huyo. Walisomea ukunga pamoja, wakalala chumba kimoja bwenini, wakaazimana sare, viatu na hata wachumba, kama walivyopenda kujisifu wenyewe. Mama alipomzaa Bi Rejista, aliyemdaka alikuwa huyo huyo mama mdogo, na hakuwahi kumwacha asahau. "Mimi ndiye niliyekuona wa kwanza," angesema, "na ulikuwa na sura mbaya, mwanangu, lakini nilinyamaza." Sasa ana miaka sitini na moja na zahanati yake ya vitanda viwili, na Bi Rejista alijua kwa kichwa pointi zake: kumi na nane. Alibakiwa na semina moja.

Kwenye orodha ya waliopita hakuwepo. Alishuka kwenye orodha ya waliokosa, na huko akamkuta. Dakika alizohudhuria: 25.

"Haiwezekani," alisema peke yake. Mama mdogo hakuwahi kukosa semina hata alipokuwa na malaria.

Basi akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, akaacha orodha ya Mratibu na kufungua ripoti yenyewe, ile inayotoka moja kwa moja kwenye mtandao wa semina. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani ni uchafu. Mistari mia tatu na zaidi, wakati watu walikuwa mia mbili na kitu. Kila mstari una jina, namba ya uanachama, barua pepe, saa ya kujisajili, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na mwisho dakika. Mistari imezidi watu kwa sababu ripoti haihesabu watu, inahesabu kuingia. Mtandao ukikatika ukaingia tena, unapata mstari mpya. Ukikatika mara nne, una mistari mitano.

Mratibu, kumbe, aliiambia kompyuta ifute barua pepe zinazojirudia. Kompyuta nayo haina huruma, ikabakiza mstari wa kwanza wa kila mtu na kutupa iliyobaki. Wenye mtandao mzuri wakapita, na wale wa pembezoni, ambao umeme na mtandao huwajia kwa zamu, wakaliwa.

"Ah, Mratibu jamani," alisema. "Umeua watu."

Akawarudisha mmoja mmoja. Kila barua pepe iliyojirudia akaikusanyia mistari yake, akajumlisha. Ilipofika saa nne, waliopita walikuwa wamefika 188. Mama mdogo alimwacha wa mwisho makusudi, asije akamtanguliza akajisikia vibaya.

Alikuwa na mistari miwili. Wa kwanza uliingia 13:58 ukatoka 14:23, dakika ishirini na tano. Wa pili uliingia 14:26 ukatoka 14:53, dakika ishirini na saba. Jumla hamsini na mbili. Lakini kanuni ya chama ilihesabu kuanzia saa nane kamili, semina inapoanza, si ule muda wa kusalimiana na kuulizana kama sauti inasikika. Kwa hiyo mbili za mwanzo zinatoka, zinabaki hamsini. Kiwango cha chini ni dakika tisini.

Hamsini. Alirudia hesabu kwenye karatasi, kwa peni, kama alivyofundishwa shule. Hamsini ile ile.

Alikaa akitazama kabati la chuma, na kama inavyotokea mtu akiwa na uzito moyoni, akili ikakimbilia zamani. Enzi hizo semina ilikuwa ukumbini. Fomu moja ndefu mlangoni, peni imefungwa kwa uzi ili isiibwe, na iliibwa pamoja na uzi. Yeye mwenyewe, mtoto wa miaka saba au minane, aliletwa kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kumwachia, akawa anakaa chini ya meza ya fomu akichora nyuma ya zilizoharibika. Kutoka pale aliwaona wakunga kuanzia magotini kwenda chini. Mama na mama mdogo aliwajua kwa nyayo, safu ya pili, viatu wamevua, vidole vya miguu vimepumzika kwenye sakafu ya baridi. Mmoja akiitwa wodini katikati ya semina, mwenzake alimsainia kutoka. Hakuna aliyeona ni kosa. Kazi ilikuwa imemwita.

Alitamani harufu ya ule ukumbi, wino na dawa ya sakafu na mafuta ya nywele ya mama.

Akarudi kwenye ripoti. Na kwa kuwa hakuwa na sababu tena ya kutafuta jina, akaanza kushuka mstari kwa mstari tu, kama mtu anayetafuta sindano bila kuamini kwamba ipo. Mstari wa mia mbili na kumi na nne ukamsimamisha.

Lilikuwa jina la mama yake.

Majina yote matatu, na namba ya uanachama mbele yake, na ile barua pepe ambayo Bi Rejista mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Ameingia 14:52. Ametoka 15:34. Dakika arobaini na mbili.

Mama yake alikuwa amezikwa miezi minane iliyopita.

Bi Rejista alisimama, akaenda dirishani, akaangalia watu wakijaribisha miwani chini barabarani, akarudi. Jina lilikuwa bado lipo. Macho yakamjaa, na katikati ya machozi, tabia ni tabia, akaona kitu. Saa ya kujisajili. Wanachama wengine wote walijisajili wiki iliyotangulia, au Jumatatu, wachache Jumatano asubuhi. Huyu alijisajili Jumatano saa nane na dakika hamsini na moja, semina ikiwa katikati, na dakika moja baadaye akaingia.

"Tabuleti," alisema.

Tabuleti ya mama alimpa mama mdogo baada ya arobaini. Nani mwingine angeitumia? Simu ya mama mdogo ikazima au ikagoma, akachukua tabuleti, akafungua kile kiungo cha semina, kikamletea fomu ya kujisajili, na tabuleti, ambayo ilikuwa ikimkumbuka mwenyewe wa zamani, ikaijaza.

Akafanya hesabu. Simu ilitoka 14:53, tabuleti iliingia 14:52. Dakika moja imepandana, na mtu mmoja hawezi kulipwa dakika moja mara mbili, inahesabiwa mara moja tu. Arobaini na mbili toa moja, arobaini na moja. Jumlisha hamsini.

Tisini na moja.

Angeweza kunyamaza akaandika tu. Nani angejua? Lakini huyo alikuwa mama yake mdogo na yule mwingine mama yake mzazi, na mtunza rejista anayejipitishia ndugu zake mwenyewe afadhali akauze nyanya. Alisubiri Mratibu aingie, akamwacha avue koti, akasema yote, pamoja na undugu.

Mratibu alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa na haraka. Kwanza aliona aibu ya zile barua pepe alizozifuta, akaomba radhi kwa sauti ndogo. Halafu akavuta kiti, akaangalia mstari wa mia mbili na kumi na nne kwa muda.

"Bi Rejista, pole," alisema. "Pole sana. Lakini unaona linavyoonekana? Dakika moja vyombo viwili viko ndani kwa pamoja. Mtu akitaka kusema kuna mtu alimshikia nafasi mwenzake, atasema."

"Simu ikizima ghafla haiagi," alisema Bi Rejista. "Mtandao unaisubiri kidogo, ukiona kimya ndipo unaandika imetoka. Hiyo 14:53 ni saa uliyokata tamaa ya kumsubiri. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka."

"Hilo nakubali. Lakini nani alikuwa kwenye tabuleti? Ripoti inasema saa, haisemi sura."

Swali la haki. Bi Rejista alifungua ripoti ya pili, ile ya maswali yaliyoulizwa wakati wa semina, na humo, saa tisa na dakika tisa, jina la mama yake lilikuwa limeuliza: *Sisi wenye vitanda viwili tu na umeme unaokatika kila siku, hizo sindano za kuzuia damu zinazotaka baridi tuziweke wapi? Msituambie friji, friji tunalo, umeme ndio hatuna.*

Mratibu alicheka kabla hajajizuia. "Huyu simjui, lakini namwogopa."

"Ni yeye," alisema Bi Rejista. "Vitanda viwili ni kwake. Mama alifanya kazi hospitali kubwa hadi anastaafu."

"Basi kwa nini hakuandika jina lake? Fomu ikikujazia jina la mtu, si unafuta unaandika lako? Hapo ndipo ninapokwama." Aliangalia saa ukutani. "Mpigie. Weka sauti ya nje, na mimi nisikie. Usimpe jibu mdomoni."

Mama mdogo alipokea kwa kelele, kama kawaida yake, kana kwamba simu ni kopo lenye uzi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu! Niambie nimepita, maana nina mtu anasukuma hapa, sina muda wa hadithi. Hapana, bado, bado, usisukume bado, pumua. Haya, sema."

"Niko na Mratibu, anakusikia. Tunakagua semina ya Jumatano. Uliingia kwa chombo gani?"

"Kwa simu. Ikanitupa nje, nikarudi. Halafu chaji ikaisha, umeme hakuna. Nikachukua tabuleti ya mama yako, hiyo chaji haiishi, sijui inakula nini."

"Ukajisajili tena?"

"Nikajisajili."

"Kwa jina gani, mama mdogo?"

Upande wa pili kilisikika kiatu kikiburuzwa, mlango ukifungwa, na kelele za chumba zikabaki nyuma. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka.

"Nimekuharibia kazi?"

"Tunataka kujua tu."

"Ile fomu ilifunguka," alisema mama mdogo, "na kabla sijagusa kitu, jina lake likajiandika. Lote. Na namba yake. Mwanangu, mimi si mjinga, nilijua pa kufuta. Kidole nilikiweka pale pa kufutia, nikakiacha pale. Nikasema, sasa nifute herufi moja moja, mpaka aishe? Nikashindwa. Nikabonyeza chini tu, nikaingia. Nikakaa naye kwenye semina kama zamani. Hata swali nililouliza, nilisikia raha lilipotokea na jina lake, maana yeye alikuwa mwoga wa kuuliza, miaka yote alikuwa akinifinya mimi niulize." Alivuta pumzi. "Kama ni kosa, basi ni kosa. Ninyimeni. Lakini nilikuwepo, wallahi nilikuwepo, mpaka yule binti wa Jumatano alipoletwa."

Mratibu alijisogeza kwenye simu. "Mama, uliondoka saa ngapi?"

"Sikuangalia saa ya semina. Nililetewa mzazi, nikaiacha tabuleti, nikamwambia mhudumu aizime. Lakini daftari langu la kupokelea lina saa. Mimi mzazi hapokelewi bila saa."

"Unaweza kuupiga picha huo ukurasa? Jina la mgonjwa ulifunike."

"Unanifundisha kufunika jina la mgonjwa, kijana? Nakutumia. Sasa niacheni, huyu wangu kichwa kinatokeza."

Simu ikakatwa. Mratibu alijikuna shingo. Bi Rejista alikuwa akipangusa uso kwa ukingo wa mtandio na hakuona haya.

Picha iliingia baada ya nusu saa na kitu. Ukurasa wa daftari wenye mistari ya rula, kidole gumba kikubwa kimefunika jina, na juu ya kidole, kwa mwandiko mnene wa watu waliojifunza kuandika kwa chaki: *Jumatano. Kapokelewa saa 9:35 mchana.* Na tabuleti ilitoka 15:34. Mratibu aliweka picha kando ya ripoti, akaangalia huku, akaangalia huku. Mara hii hakuwa na haraka.

Chini ya picha palikuwa na ujumbe: *Wa leo kazaliwa. Wa kike. Mzima. Nimewaambia ni wa saa sita kasoro dakika nane, wasije wakabishana baadaye.*

"Nimeridhika," alisema Mratibu. "Daftari na ripoti havijuani, na vimesema neno moja. Tutaandika maelezo, mimi nitasaini, wewe usisaini kwa sababu ni mama yako. Hamisha dakika."

Bi Rejista alifungua jedwali la pointi. Alibandika mstari wa mia mbili na kumi na nne chini ya jina la mama mdogo, akabonyeza. Jedwali likakataa. Maandishi mekundu yakatokea: barua pepe hii ni ya mwanachama mwingine aliye kazini, mahudhurio hayawezi kuhamishwa.

Alijaribu tena. Nyekundu tena.

Mratibu aliinama juu ya bega lake, akasoma. Alisoma mara mbili. Kisha akasema, kwa upole ambao Bi Rejista hakuutegemea kwake, "Bi Rejista. Kwa nini mama bado yumo kwenye rejista?"

Hakukuwa na pa kujificha. Wakunga waliofariki hutolewa mwisho wa mwezi, na anayewatoa ni yeye. Katika miezi hiyo minane alikuwa amewatoa kumi na mmoja, kila mmoja kwa tarehe yake, akiandikia familia barua ya pole kwa mkono wake mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi alifika kwenye jina moja, akaliruka. Mwezi wa kwanza alisema atalifanya akishapata cheti cha kifo, na cheti kilikuwa kwenye mkoba wake. Mwezi wa pili alisema kazi ni nyingi. Baada ya hapo hakusema kitu, aliliruka tu. Mtu aliyesifiwa kwa kutokosea aliweka kosa moja, na aliliweka kwa kukusudia.

"Nilishindwa," alisema.

"Naelewa."

"Huelewi, Mratibu. Nilikuwa nikifungua rejista asubuhi, namkuta. Kazini. Pointi zake ishirini na mbili, amezidi mbili, alikuwa anapenda kuzidi. Nikawa napata nguvu ya kufanya kazi. Sasa nikimtoa, nitamkuta wapi?"

Mratibu alimwuliza tu, "Nifanye mimi?"

Bi Rejista alifikiri. Saa ilikuwa inakwenda saa saba. Kule zahanati palikuwa na mwanamke aliyejifungua sasa hivi, na mwingine angekuja kesho, na wa keshokutwa, na wote wangekuta mlango umefungwa kwa sababu ya mtu wa ofisini asiyeweza kubonyeza. Mama yake angemtazamaje? Mama, ambaye alikuwa akiamka mezani, wali bado umo mdomoni, mtu akibisha mlangoni.

"Hapana," alisema. "Huyu ni wangu."

Mratibu alichukua kikombe chake kisichokuwa na kitu, akatoka nje kwenye ngazi.

Alifungua ukurasa wa mama. Kwenye hali ya mwanachama palikuwa na machaguo matatu: yuko kazini, amestaafu, amefariki. Mama alikuwa amestaafu miaka minne kabla, na hata hilo hakukubali liandikwe. Alisema mkunga hastaafu, hupumzika miguu. Bi Rejista alichagua la tatu. Mfumo ukauliza tarehe. Akaiandika bila kutoa cheti kwenye mkoba. Ukauliza, una uhakika?

"Nina uhakika, mama," alisema kwa sauti, na akabonyeza.

Jina likageuka rangi ya majivu, likatoka miongoni mwa walio kazini. Alilia hapo alipokaa, kilio kile alichodhani alikimaliza makaburini, kiganja mdomoni ili wa duka la miwani wasisikie.

Alipoweza kuona tena, akaubandika mstari. Safari hii jedwali halikukataa. Hamsini, jumlisha arobaini na moja. Mbele ya jina la mama mdogo zikatokea pointi ishirini kamili. Waliopita, 189. Mratibu alirudi, akasaini maelezo, na orodha ikaondoka saa nane na robo mchana. Dakika chache baadaye baraza likajibu kwamba imepokelewa.

Akampigia mama mdogo.

"Umepita, mama mdogo. Dakika tisini na moja."

"Alhamdulillahi! Nilijua, nilikuwa natisha watu tu." Halafu akasita. "Na yeye? Wamemfanyaje?"

"Nimemwandika. Leo. Mwenyewe."

"Mwanangu." Kilisikika kiti kikivutwa. "Umefanya peke yako? Si ungeniita nikakushika mkono?"

"Uko na wazazi."

"Kweli niko na wazazi." Alipenga kamasi kwa nguvu, bila adabu yoyote. "Basi Jumapili njoo. Ulete peni, tumtoe na kwenye tabuleti, wewe unifutie nusu na mimi nifute nusu."

"Tabuleti haitaki peni, mama mdogo."

"Njoo na peni, nimesema. Lazima nimsainie kutoka."

Kule upande wa pili mtoto wa saa sita kasoro dakika nane alianza kulia, na mama mdogo hakukata simu, akaiacha wazi ili Bi Rejista naye amsikie.